Koti la Shuka

Mama Futi alikuwa na sheria moja katika chumba chake cha kushonea, na sheria hiyo ilishawakimbiza wateja zaidi ya mvua. Ukimletea mshono uliotoka jana, ule ambao kila mtu mjini anautaka, hakati kitambaa chako. Kwanza anachukua shuka kuukuu, analikata, analishikiza kwa mishono mirefu ya uzi mweupe, anakwambia uje ulivae. Na usije mikono mitupu. Njoo na blauzi zako tatu unazovaa kila wiki, si zile za kutolea macho kabatini, na viatu unavyotembelea. Halafu mnasimama mbele ya kioo, unakaa, unainama, unanyoosha mkono kama unashusha sufuria juu ya kabati. Kama hicho kipya hakipatani na vitu vitatu ulivyonavyo, au kama kinakufanya ujivute-vute kila unapokaa, kitambaa chako unarudi nacho nyumbani kikiwa kizima.

"Mwenzako anatafuta wateja, wewe unawafukuza," mumewe alimwambia siku moja. Alikuwa dereva wa lori aliyestaafu, na siku hizi kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti cha wateja na kutoa maoni ambayo hakuombwa.

"Nafukuza majuto yao," alisema Mama Futi. "Wateja wanarudi."

Na kweli walirudi, wengi wao. Jina lenyewe walimpa wao, kwa sababu ya ile futi ya manjano ya kupimia isiyotoka shingoni mwake hata akila.

Msimu ule kilichoingia kilikuwa nusu koti. Kila ukipita barabarani unakutana nalo: kijikoti cha mabega ya mraba, kifupi, kinaishia juu kidogo ya kiuno kama vile kitambaa kilimwishia fundi, na chini yake suruali pana inayopanda hadi kwenye mbavu. Kwa mtu mrefu mwenye kiwiliwili kirefu lilikuwa zuri, hilo Mama Futi hakubisha. Kulikuwa na dada mmoja wa maabara, mrefu kama mlango, alikuja, akavaa koti la shuka, na Mama Futi akakata kitambaa chake siku hiyo hiyo bila neno. Lakini wengine saba aliwarudisha, na wawili kati yao walikwenda kushonesha kwingine na hawakumsalimia tena.

Basi Jumatano moja mchana, saa ya chakula, akaingia mdogo wake.

Nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao, na jina likamganda mpaka sasa ana miaka arobaini na minne na anapokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno. Alikuwa mfupi, mwenye kifua cha kutosha na kicheko cha kutosha zaidi, ingawa kicheko hicho Mama Futi hakuwa amekisikia siku nyingi. Alivaa sweta lake pana la kijivu juu ya blauzi. Chini ya mkono alibana kitambaa cha bluu ya giza, kizuri, kizito.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umepotea. Keti."

Hakuketi. Alitoa simu, akamwonyesha picha ya nusu koti. Kule kliniki, alisema, wanawake wote wa mapokezi na maabara walikuwa wamekubaliana kuvaa namna moja siku ya kufungua jengo jipya. Ilibaki wiki mbili na nusu. Yule mrefu wa maabara ndiye aliyelianzisha.

"Na mimi nataka," Kitinda alisema. "Usinikatalie, dada."

Alisema hivyo kwa sauti ndogo, akiangalia kitambaa. Kisha akaweka mkoba wake juu ya meza ya kukatia, akasogea katikati ya chumba, akainua mikono yake pembeni kidogo, namna mtu anavyosimama mbele ya fundi.

Hapa inabidi niseme jambo moja, maana bila hilo hutamwelewa Mama Futi, na utamwona mjinga bure. Miaka tisa iliyopita, siku ya uchumba wa Kitinda, Kitinda alivaa gauni la mikono ya puto, mshono uliokuwa unatamba wakati ule. Mama Futi, mbele ya mashangazi na mawifi, alimwangalia juu mpaka chini akasema, "Mdogo wangu, umevaa gauni au umebeba mito miwili?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kitinda naye alicheka. Halafu akaingia ndani, akabadilisha nguo, na hakuongea na dada yake kwa miaka miwili. Uchumba wenyewe ulivunjika baadaye kwa sababu nyingine kabisa, lakini jeraha la mito lilibaki. Walikuja kupatanishwa na ugonjwa wa mama yao, wakikutana kwenye korido ya hospitali, kila mmoja na chupa yake ya chai. Hawakuombana msamaha. Waligawana chai tu.

Sasa mama alikuwa amefariki, miezi minane imepita, na Mama Futi alikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyelala naye kitanda kimoja utotoni. Kwa hiyo alipoiona ile picha, na kumwona Kitinda, ulimi wake ulishajaa maneno. Kiwiliwili chako kifupi, mdogo wangu. Kifua chako kitalisukuma koti mbele libaki linaning'inia kama kibanda. Mkanda wa suruali utagusa sidiria. Aliyajua yote hayo bila shuka. Akayameza yote.

"Nitakutengenezea la shuka kwanza," alisema. "Njoo na vitu vyako Jumamosi. Blauzi tatu na viatu."

"Hunipimi?"

"Nikupime nini? Vipimo vyako ninavyo kichwani. Mimi ndiye niliyekushonea sare ya darasa la kwanza."

Kitinda alishusha mikono. Alichukua mkoba, akasimama pale kama aliyesahau kitu, kisha akaaga na kuondoka kuwahi zamu yake.

"Umemkubalia?" mume aliuliza kutoka kwenye kiti.

"Sijamkubalia. Nimeliachia shuka liseme."

"Yaani unaliogopa domo lako mwenyewe."

"Naliogopa, ndiyo," alisema Mama Futi, akaenda kutafuta shuka kuukuu.

Alilikata koti la shuka Alhamisi. Kifua arobaini na mbili, kiuno thelathini na sita, nyonga arobaini na nne: namba hizo alizijua kama anavyojua njia ya kwenda sokoni. Alilishikiza vizuri kuliko yote aliyowahi kushikiza, kwa sababu alitaka lisiwe na kosa hata moja. Likiwa na kosa, Kitinda atasema kosa ni la fundi. Likiwa safi, kioo kitamwambia ukweli, na dada hatakuwa amesema chochote. Huo ndio ulikuwa ujanja wake, na alijisifia nao kimoyomoyo akiwa anapiga pasi suruali ya shuka.

Jumamosi asubuhi Kitinda alikuja na mfuko. Mume alitumwa dukani kununua vifungo ambavyo havikuhitajika. Mama Futi alifunga pazia, akampa mdogo wake ile suti nyeupe, akageuka kupanga pini ili asije akaonekana anasubiri.

"Dada," Kitinda alisema baada ya muda. "Njoo uone."

Aligeuka. Kitinda alikuwa ameishika suruali kwa mkono mmoja pale kiunoni. Alipoiachia, suruali ilishuka yenyewe mpaka kwenye magoti. Koti lilikuwa limemkalia mabegani kama limetundikwa kwenye hanga, na mbele, pale Mama Futi alipotarajia kitambaa kivutwe, palikuwa na nafasi ya kuingiza mikono miwili.

Wazo lake la kwanza, na baadaye aliona aibu kulikumbuka, lilikuwa kwamba amekosea kukata. Alivua futi shingoni akalipima koti. Arobaini na mbili, pamoja na nafasi yake. Akaipima suruali. Thelathini na sita barabara. Nguo ilikuwa sahihi. Alipima tena, kana kwamba futi nayo inaweza kujirekebisha, kisha akainua macho.

Sweta la kijivu lilikuwa kwenye kiti. Hakuwa amemwona mdogo wake bila lile sweta tangu msibani, na msibani wote walikuwa wamejitanda nguo. Sasa aliona mifupa ya shingo. Aliona mikono ya juu ilivyokwisha.

"Kitinda. Umekuwa hivi lini?"

"Nilidhani utaona Jumatano."

"Nione nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Nilipima kila kitu pale pale kliniki na hospitali, daktari akasema sina ugonjwa, nile." Alivuta suruali juu akaishika. "Mwaka ule wa kumuuguza mama nilikuwa nakula nimesimama. Kijiko kimoja kwake, kimoja kwangu, halafu ananiita. Alipokwenda nikasema sasa nitakula vizuri. Nikapika. Nikakaa na sahani moja mezani. Ni kitu kigumu, dada, kupika sahani moja. Nikawa nakunywa chai tu."

Mama Futi alihesabu ya kwake kimoyomoyo. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili mwaka ule mzima. Alikuwa akituma mashuka yaliyopigwa pasi, na magauni ya kulalia ya mama yaliyofunguka mbele ili iwe rahisi kumvisha. Alijiona amebeba zamu yake. Na huku nyuma mtu aliyekuwa amembeba mama yao kwa mikono alikuwa anapungua inchi baada ya inchi, na fundi wa ukoo mzima ana vipimo vyake kichwani.

"Ungeniambia," alisema, na akajua papo hapo kwamba hilo si neno la kusema.

Kitinda hakukasirika. Alikaa kwenye ukingo wa meza ya kukatia, suti ya shuka ikimzunguka.

"Jumatano nilikuja kukuambia. Hili nusu koti, ni kweli nalitaka, wenzangu wote wanalo. Lakini nilikuwa nawaza, nikienda kwa dada kushona atanipima. Akinizungushia futi ataona mwenyewe, sitakuwa na haja ya kusema." Alijifuta pua kwa mkono wa koti la shuka. "Na pia, tangu mama afe, hakuna mtu aliyenigusa. Watu wananipa mkono pale mapokezi, basi. Nilikuja unipime, dada. Ukasema vipimo ninavyo kichwani."

Mama Futi alilia. Hakulia kwa heshima, alilia kwa makamasi, na alipomkumbatia mdogo wake pini zilizobaki kwenye koti zilimchoma mkononi na hakuziondoa. Wakakaa hivyo mpaka waliposikia mlango, na mume akarudi na vifungo, akawatazama, akasema amesahau kitu, akatoka tena.

Alipopata pumzi, alisimama akanyoosha futi.

"Simama katikati. Mikono pembeni."

Alimpima taratibu, kila mahali, hata pale ambapo suti haihitaji. Kifua thelathini na saba. Kiuno thelathini na moja. Nyonga thelathini na tisa. Mkono wa juu, kifundo, shingo. Kila namba aliitamka kwa sauti akaiandika daftarini, asije tena akajidai anakumbuka. Mwisho akapima mgongo, kutoka mfupa wa shingo mpaka kiunoni.

"Kumi na nne na nusu," alisema. "Huu haujabadilika."

"Mgongo wa nani huo?"

"Wako. Nyama inakuja na kuondoka, mfupa haupungui. Ulikuwa na kiwiliwili kifupi darasa la kwanza, unacho mpaka leo. Miguu ilikula urefu wote, tumbo likaachiwa makombo."

Kitinda alitoa kicheko kidogo, kile cha zamani, kisha akakiuma. Mama Futi alichukua pini, akaanza kulibana koti la shuka mpaka likamfuata mwili mpya, akaibana suruali pia, akamgeuza mbele ya kioo. Wote wawili walitazama. Kifua kilikuwa kimekaa moja kwa moja juu ya mkanda wa suruali. Kati ya koti na suruali hapakuwa na mtu.

"Sema," alisema Kitinda.

"Nisiseme."

"Dada. Safari hii tuko wawili tu, na mimi ndiye ninayekuuliza. Sema."

Basi akasema. Alisema polepole, akishika kila mahali anapopataja. Kwamba suruali hii inapanda kupita kiuno, na mwenye mgongo wa inchi kumi na nne na nusu hana kiwiliwili cha kuigawia. Kwamba koti linaishia pale pale kifua kinapoanza kushuka, kwa hiyo jicho linakatwa mara mbili mahali pamoja, naye anaonekana mfupi kuliko alivyo. Kwamba hilo ni jambo la mshono na wala si kosa la mwili wake, kwa sababu fundi aliyeubuni alikuwa anamwaza yule mrefu wa maabara.

"Sasa vaa blauzi zako ndani yake."

Kitinda alivaa ya kwanza, ya kahawia. Ilichungulia chini ya koti kwa kiganja kizima. Ya pili vilevile. Ya tatu, alipoichomekea ndani ya suruali, ilijaa kiunoni kama amefunga kibwebwe. Blauzi zake zote zilikuwa za kufika nyongani, maana kazini anainuka na kukaa siku nzima kutafuta mafaili, na zile fupi humwacha mgongo wazi.

"Kwa hiyo nikishona koti hili itabidi ninunue na blauzi nyingine," alisema mwenyewe.

"Na viatu. Suruali pana hivi na hivi viraba vyako bila kisigino, utafagia jengo jipya zima."

Kitinda alijitazama tena kiooni. Ilimuuma, na Mama Futi aliona inamuuma, kwa kuwa si rahisi kuwa mtu pekee asiyevaa wanachovaa wenzake. Lakini hakukimbilia ndani kubadilisha nguo. Alianza kutoa pini za koti moja moja na kuziweka kwenye kiganja cha dada yake.

"Hakuna hata kipande chake kinachonifaa?"

"Kipo." Mama Futi alichukua chaki, akachora mstari kwenye suruali ya shuka, vidole vitatu chini ya mkanda. "Tunaushusha mkanda ukae hapa. Upana tunapunguza, ianguke moja kwa moja kutoka nyongani, isipepee. Urefu tunakata kwa hivi viatu unavyovaa. Blauzi haiingii ndani, inabaki nje, na mgongo wako unapata urefu. Kwa bluu ya giza hii unayo blauzi ngapi?"

Kitinda alihesabu. Ya kahawia, ya maziwa, mbili za maua, na ile ya bluu hafifu iliyokuwa ya mama. "Tano."

"Mimi ninadai tatu tu. Kitambaa nakata."

"Na koti?"

"Koti wavae wenye mgongo. Kitambaa kitakachobaki nitakuhifadhia."

Blauzi zenyewe zilikuwa zinamning'inia, kwa hiyo Mama Futi alizichukua zote azipunguze. Kitinda, aliyekulia chini ya meza ya cherehani, aliona namna dada yake anavyoshona mstari mpya ndani na kuacha kitambaa kilichozidi bila kukikata, inchi nzima kila upande.

"Mbona hukati? Itajaa ndani."

"Sikati," alisema Mama Futi bila kuinua kichwa. "Nitafumua mwenyewe, kidogo kidogo. Jumamosi utakuja hapa ule. Na Jumatano, saa ya chakula. Sahani mbili ni rahisi kupika, na huyu mzee anajaza ya tatu."

Siku ya kufungua jengo, wanawake sita walipiga picha wakiwa na nusu koti, na wa saba akiwa na suruali ya bluu na blauzi ya mama yake, na ukiitazama picha ile unamwona mtu, si mshono. Yule mrefu wa maabara alipendeza, haki yake. Wengine walikuwa wanayavuta makoti yao kwa chini. Msimu ulipokwisha yalikwenda yanakokwenda makoti, lakini suruali ya Kitinda ilikuwa bado inavaliwa kila Jumatatu na Alhamisi.

Na Jumamosi alikuwa anakuja. Anakula kwanza, ameketi, kisha anasogea katikati ya chumba bila kitambaa wala picha yoyote kwenye simu, anainua mikono pembeni. Mama Futi anavua futi shingoni, anamzungushia, na kabla ya kusoma namba anamshikilia hapo kidogo. Daftari lina safu nzima ya kiuno sasa: thelathini na moja, thelathini na moja na nusu, thelathini na mbili. Ameziandika kwa penseli, maana kesho zitabadilika tena.